Kucha za njano baada ya rangi nyekundu: kilichonisaidia

Kila nikifuta rangi nyekundu iliyokolea, kucha zilibaki za njano, kavu, na mabaka meupe yanayokwaruza. Limau halikuondoa doa, likazidisha ukavu tu. Kununua dawa ya kufutia isiyo na asetoni kulipunguza ukavu kidogo, lakini hufuta polepole, nami nikajikuta nasugua zaidi.

Doa hilo ni rangi iliyopenya ndani ya ukucha wenyewe, kwa hiyo halioshwi. Huondoka ukucha ukikua, kama milimita 3 kwa mwezi. Basi nikahangaikia kuzuia jipya.

Sasa napaka kwanza besi, ile rangi ya chini inayoonekana kama maji, tabaka 2 nyembamba, na naipitisha mpaka kwenye ukingo wa ncha. Hapo ndipo penyewe: doa langu lilianzia nchani, mahali brashi haifiki. Naiacha ikauke kabisa, ndipo nyekundu ifuate.

Kufuta nako kumebadilika. Naloweka pamba, naibana juu ya ukucha nikihesabu hadi 20, kisha naivuta mara moja kuelekea nchani. Haisambai kwenye ngozi. Asetoni nimeiachia rangi za kumetameta, ambazo dawa nyingine haziziwezi. Nikimaliza nanawa, napaka mafuta ya nazi hadi kwenye mzizi, na kabla ya kupaka rangi tena nayaosha kwa sabuni, la sivyo itabanduka.

Ukucha wa njano unaonenepa au kuachana na nyama huenda ni fangasi. Huo muoneshe daktari.