Bolti Yenye Mkia wa Nyota

Juzi binti alikuwa akipekua kopo langu la vyuma akitafuta bisibisi, akaibuka na bolti fupi nyeusi. "Baba, mbona hii ina mkia?"

Si mkia. Ni biti ya nyota, ncha ya bisibisi yenye pembe sita, saizi T30, iliyokaa ndani ya kichwa cha bolti na haijatoka hadi leo.

Nilikuwa nabadilisha diski ya breki ya mbele kwenye ile pikipiki ya bluu. Bolti tano za M8, zile za kichwa cha mviringo, zinazofunguliwa kwa aleni ya milimita 5. Tatu zilitoka bila kelele. Ya nne ikateleza, na mimi kwa ukaidi nikaenda kuiharibu ya tano vilevile, ndipo nikaitazama aleni iliyo mkononi: ilikuwa ya inchi, 3/16, yaani milimita 4.76. Inaingia vizuri tu kwenye tundu la 5, ila inashika kona badala ya ubapa, na ukikaza mkono inazila kona zote sita. Bolti za kichwa hicho nazo hazisamehi. Tundu lake halifiki milimita 3 kwenda chini, kwa hiyo huna ukuta mzima uliobaki wa kushika.

Mafuta ya kulegeza kutu sikuyagusa. Bolti za diski hufungwa na gundi ya nyuzi kutoka kiwandani, na mafuta hayaiyeyushi gundi. Yatakachofanya ni kuchuruzika hadi kwenye diski na kuharibu pedi. Gundi dawa yake ni joto. Nilitoboa uchafu wote chini ya tundu kwa sindano, nikaelekeza bunduki ya hewa moto kwenye kichwa cha bolti mpaka nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, nikiwa mbali na sili ya beringi.

Kisha nikajaribu nyota. T27 iliingia kwa vidole na kucheza, kwa hiyo haifai. T30 ilikataa mdomoni, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ina takriban milimita 5.6 kutoka ncha hadi ncha, wakati tundu lililokula kona limebaki duara jembamba zaidi ya hapo, hivyo kila ncha lazima ijichongee njia yake. Nilivaa miwani, maana chuma cha biti ni kigumu na hupasuka kama kioo, nikaisimamisha wima kabisa, nikaanza kugonga.

Mlio ndio ninaoukumbuka kuliko vyote. Mwanzoni ni butu, tap, tap, kama unagonga ubao, na biti inashuka kidogo kila pigo. Halafu sauti inabadilika ghafla, inakuwa kali na nyundo inarudi mkononi. Biti imefika chini. Ukiendelea kugonga hapo unatafuta kuivunja, na ikivunjikia ndani ndipo balaa lilipo, kwani keke ya kawaida haiingii kwenye chuma kile. Nikachomeka soketi na mpini mrefu, nikaegemeza uzito wa kifua juu ya biti ili isipande, nikavuta polepole bila kushtua. Kitambo kirefu hakikutokea kitu. Kisha, tak! Moja tu, kavu. Nilidhani biti imekatika. Nikavuta tena, na bolti ikazunguka.

Ya tano nyota iliteleza. Nadhani niliigonga ikiwa imelala upande. Nikahamia kwenye drili. Kwanza biti ya kutobolea iliyosokotwa kushoto, ya milimita 6, drili ikizunguka kinyume, mwendo wa chini na mkandamizo mkubwa. Wakati mwingine biti hiyo hujikaba ikitoboa na kuitoa bolti yenyewe. Yangu ilitoboa tu. Basi nikaweka ya milimita 8, sawa na unene wa shina la bolti, na kulikata koo lake. Tundu lenyewe linaielekeza katikati. Baada ya milimita 4 hivi kichwa kilinasa kwenye biti kikazunguka nayo kama pete. Nikanyanyua diski, nikakishika kipande kilichobaki kwa vaisgripu, na kikatoka karibu kwa nguvu za vidole, kwa kuwa ule mkazo mkubwa wa kichwa kukandamiza diski ulikuwa umekwisha.

Nimeshajiuliza mara nyingi kilichoilegeza ya nne ni kipi, joto, au yale mapigo ya nyundo yaliyotikisa nyuzi, au nyota yenyewe. Nilifanya vyote kwa mfuatano, sasa nitajuaje.

Nilinunua bolti tano mpya, na T30 nyingine. Binti alijaribu kuvitenganisha kwa koleo, akashindwa, akavirudisha kwenye kopo pamoja.