Jinsi nilivyowafikisha washiriki wa webina kwa saa sahihi

Watu walijiandikisha kwa wingi katika webina yetu ya kupanga bei za mikate, lakini wengi hawakufika, na baadhi walifungua kiungo saa nane mchana badala ya saa mbili usiku. Kuongeza idadi ya barua pepe za kukumbusha hakukusaidia, wala kukuza maandishi ya ukurasa.

Kwanza nilibadilisha kichwa, "Kuza Biashara Yako", kikawa "Jinsi ya kupanga bei ya mkate", na chini yake nikaandika kwamba mshiriki ataondoka na jedwali la gharama lililojazwa kwa takwimu zake mwenyewe. Kilicholeta tofauti kubwa, hata hivyo, ni mstari wa saa, ambao awali ulisema "8:00" pekee:

"Alhamisi, saa 2:00 usiku (20:00) Dar es Salaam na Nairobi, saa 1:00 usiku (19:00) Bukavu, saa 3:00 usiku (21:00) Maskati."

Katika barua za kukumbusha, siku na saa vilitangulia kwenye mada, kwa kuwa simu hukata maneno ya mwisho: "Leo saa 2 usiku (20:00 Dar): bei ya mkate". Kipindi kilichofuata, hakuna aliyeuliza saa.