Wikiendi Tuangalie

"Umepotea sana wewe, au umeshapata mwingine?" Meseji iliingia siku chache baada ya Idi, saa tano kasoro usiku, na makopakopa mawili mwishoni. Anayesema nimepotea ndiye aliyeacha swali langu bila jibu tangu katikati ya Ramadhani. Tena lilikuwa swali jepesi: tunafuturu pamoja lini? Habari hiyo aliianzisha mwenyewe mwezi ulipoandama, kwamba mwaka huu lazima tufuturu wote hata mara moja. Ramadhani ina jioni 29 au 30. Zote zikaisha, Idi ikapita, na sasa mpotevu ni mimi.

Nilishaanza kuandika jibu la kuchekacheka, kama kawaida yetu. Kisha nikasita, nikayapandisha maongezi yetu juu kabisa, mpaka wiki ile tulipofahamiana kwenye sendofu ya mfanyakazi mwenzangu, nikaanza kusoma kama karani anayekagua daftari. Nilitafuta kitu kimoja tu: meseji yake iliyotaja siku. Jumatano, Jumapili, yoyote, pamoja na saa na mahali. Sikuipata. Nilichokuta ni "tutaonana tu", "nikitulia nitakucheki", "wikiendi tuangalie", na "kuna sehemu nataka nikupeleke, utaipenda". Hiyo ya mwisho niliikalia sana, nikawa nawaza ni sehemu gani, nivae nini. Mpaka leo hiyo sehemu haina jina.

Wala hatutenganishwi na safari. Yeye anakaa Mikocheni, mimi Tabata. Foleni ya Dar naijua, lakini hakuna foleni inayodumu tangu masika mpaka masika.

Kuna kingine nilikiona pembeni ya meseji, kwenye tarehe. Hazikuja ovyo. Nikiweka picha kwenye stetasi nimevaa gauni jipya, usiku huohuo naona moto na "we mtoto utaniua". Nikinyamaza kwa muda, inakuja "nimekuota jana". Ila kila nilipouliza swali lenye kuhitaji jibu, ukimya. Kwa hiyo hazikufuata nafasi yake ya kazini, kama nilivyokuwa najiambia. Zilinifuata mimi, pale nilipokaribia kuondoka, zikanirudisha kidogo, kisha zikakoma.

Shoga yangu nilipomwonyesha alisema kile ambacho wote husema: "Shoga, mwanaume akikutaka atakuja hata kwa bodaboda." Labda. Lakini kauli hiyo hainisaidii kujua kwa nini mtu mzima kama mimi, mwenye kazi na akili zake, nilishtuka kila simu ilipolia. Maelezo yaliyoniingia ni ya mambo ya njiwa. Katika miaka ya 1950 wanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster, walifanya majaribio ya njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyezoea kulishwa kila anapodonoa, chakula kikikatwa, anaacha mapema. Anayelishwa mara mojamoja, bila mpangilio anaoweza kuubashiri, huendelea kudonoa muda mrefu hata baada ya chakula kukoma, kwa sababu kwake kukosa ni jambo la kawaida na haliashirii kwamba kimeisha. Mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zinamshika mtu kwa njia hiyohiyo.

Nilipoelewa hilo niliacha kujiuliza kama nampenda mno. Angeniandikia kila siku halafu akakoma ghafla, ningelia wiki nikamaliza. Kilichonishika ni kule kutojua ya kesho.

Sasa, uchache wa meseji peke yake si ushahidi, na hapa ndipo wengi tunamhukumu asiyestahili. Mume wa shoga yangu huyohuyo ni nesi. Walipokuwa wachumba, akiingia zamu za usiku angeweza kukaa siku nzima bila kuandika hata salamu. Lakini akijibu, jibu lilikuwa hivi: "Jumanne sipo, niko zamu. Alhamisi natoka saa mbili asubuhi, tukutane tunywe chai." Anakataa siku moja mkononi akiwa na nyingine. Wangu hajawahi kukataa siku hata moja, na ndiyo maana nilichelewa kuona. Kwake kila kitu ni ndiyo.

Basi ile meseji ya "umepotea" sikuijibu kwa utani. Niliandika: "Nipo. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa Coco Beach. Njoo tule mihogo, nalipa mimi. Unaweza?" Kila neno lilikuwa na kazi yake. Nilitaja siku na saa ili asibaki na "tuangalie". Mihogo, kwa sababu wanaume wengine hukwepa kutoka na mtu kwa aibu ya mfuko, na wala hawasemi. Kulipa mimi kuliondoa hilo. Na swali la mwisho linajibika kwa neno moja.

Kungekuwa na majibu mawili ambayo ningeyaheshimu sawasawa: "nakuja", au "siwezi, ila Jumapili naweza". Hata "siwezi" tupu ningeipokea, maana ni jibu. Alinijibu kesho yake mchana: "Daah, Coco nimeimisi kweli. Wewe mtoto una mawazo mazuri sana." Na kopa. Nikasoma mara ya pili, nikaona swali langu limezungukwa pande zote bila kuguswa. Jumamosi ilifika, hakuja wala hakusema haji. Jumapili asubuhi alikuwa wa kwanza kuangalia stetasi yangu.

Mara moja haitoshi, nakubali. Watu hupata misiba, mabosi hubadilisha ratiba. Nilimpa nafasi nyingine, safari hii nikamwachia yeye achague: "Nitajie siku yoyote mwezi huu." Akasema mwezi huu umembana, ila tutaonana tu. Mtu aliyebanwa mwezi mzima bado anaweza kutaja tarehe ya mwezi ujao.

Kwa nini anafanya hivyo, sijui, na nimeacha kuchunguza. Pengine ana mwingine na mimi niko benchi. Pengine ni upweke wa saa tano usiku. Inawezekana hata ananipenda, ila si kwa kiasi cha kuvaa viatu atoke. Zote tatu zinaniacha palepale Tabata.

Nilimwandikia ujumbe mmoja wa mwisho, bila hasira: "Nilifurahi kukufahamu. Mimi natafuta mtu wa kuonana naye. Ukiwa na siku na saa, niandikie, vingine sitavijibu." Akajibu, "Duh, makubwa haya! Basi wiki ijayo mrembo." Wiki ijayo ina siku saba, hakutaja hata moja.

Sikumbloku, maana najijua, ningekuwa nafungua kila jioni kuhakikisha bado nimembloku. Maongezi yake nimeyaweka kando ili yasinitazame kila nikifungua simu. Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp, upande wa stetasi, nikamtoa kwenye watu wanaoziona. Tangu hapo nimeweka picha za kicheni pati mbili na gauni moja la kitenge ambalo, kwa kweli, lilinikaa. Hakuna meseji iliyoingia usiku wa picha hizo, wala usiku uliofuata.