Kinyume halisi cha "ndege wote wanaruka": jinsi ninavyokipata

Kila mwaka, hapa Goma, nikiwapa wanafunzi wa hesabu kauli "ndege wote wanaruka" na kuwaomba waikanushe, zaidi ya nusu ya makaratasi yanarudi na jibu lilelile: "ndege wote hawaruki". Zamani nililiwekea alama ya kosa na kupita. Sasa najua linatoka wapi, na nimepata njia ya kulizuia.

Linatoka katika lugha mbili. Darasani tunasoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kina sentensi ambayo, ukiifasiri neno kwa neno, inakuwa "ndege wote hawaruki". Lakini kwa Mfaransa, kwa kawaida, maana yake ni "si ndege wote wanaruka": wako wanaoruka, wako wasioruka. Ukiileta sentensi hiyo katika Kiswahili bila kuigusa, wengi wetu tunasikia jambo jingine kabisa, kwamba hakuna ndege hata mmoja anayeruka. Mwanafunzi ameandika kanusho sahihi kichwani kwa Kifaransa, likaharibika njiani. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachofanya ni kumkataza mtu kugusa kitenzi. Aandike kwanza "si kweli kwamba" mbele ya kauli nzima, "si kweli kwamba ndege wote wanaruka", halafu ndipo ajiulize: ili maneno haya yawe kweli, ninahitaji kuona nini?

Hahitaji kuona mengi. Mbuni mmoja anatosha. Basi kinyume ni: "kuna angalau ndege mmoja asiyeruka". (Nasema ndege wa manyoya. Zile za uwanjani ni "zote", siyo "wote".)

Asiyeamini, namchorea mabanda matatu ubaoni. Banda la kwanza lina hua, kunguru na tai. La pili lina kunguru, tai na mbuni. La tatu lina mbuni na pengwini tu. Kisha tunauliza, banda kwa banda, kila kauli ni kweli au uongo tukihesabu ndege wa banda hilo peke yao. "Ndege wote wanaruka": kweli, uongo, uongo. "Hakuna ndege anayeruka": uongo, uongo, kweli. "Kuna angalau ndege mmoja asiyeruka": uongo, kweli, kweli. Kinyume halisi lazima kipishane na kauli ya mwanzo katika kila banda. Mmoja akisema kweli, mwenzake aseme uongo. Kauli ya pili inaanguka kwenye banda la pili, kwa sababu pale zote mbili ni uongo. Aristotle alishazitenganisha aina hizi mbili za kupingana: zile zinazoweza kuwa uongo pamoja, na zile zisizoweza kuwa kweli pamoja wala uongo pamoja. Tunayoitafuta ni hii ya mwisho. Banda la mchanganyiko ndilo linalofichua kosa, kwa hiyo ukiwa na haraka chora hilo peke yake.

Siandiki "baadhi ya ndege hawaruki", ingawa si kosa. Mtu akisema sokoni Birere kwamba baadhi ya nyanya zimeoza, unaelewa kwamba nyingine ni nzima. Mantiki haisemi hivyo. Katika banda la tatu, ambako hakuna anayeruka, "kuna angalau mmoja asiyeruka" bado ni kweli, lakini "baadhi" linamfanya mwanafunzi asite na kuandika uongo. "Angalau mmoja" halina utata huo.

Kosa la pili hutokea kwenye alama, na ni gumu zaidi kuliona. Tukiandika N(x) kwa "x ni ndege", R(x) kwa "x anaruka", ∀x kwa "kila x", ∃x kwa "kuna angalau x mmoja", ¬ kwa "si kweli kwamba", → kwa "ikiwa… basi" na ⇔ kwa "ni sawasawa na", kanusho ni hili:

```
¬∀x (N(x) → R(x))  ⇔  ∃x (N(x) ∧ ¬R(x))
```

Angalia mshale umegeuka kuwa ∧, yaani "na". Wengi wanageuza ∀ kuwa ∃, wanakanusha R(x), na mshale wanauacha: ∃x (N(x) → ¬R(x)). Inapendeza macho, lakini chukua jiwe lolote jeusi la volkano, hapa mjini hayakosekani. Jiwe si ndege, kwa hiyo N(x) ni uongo, na kauli ya "ikiwa… basi" ambayo sehemu yake ya kwanza ni uongo inahesabiwa kuwa kweli. Jiwe moja uani limekwisha kuthibitisha fomula hiyo, hata kama ndege wote duniani wangekuwa wanaruka. Ukitaka kujua kama umeangukia hapo, jaribu fomula yako kwa kitu kisicho ndege. Kikiitimiza, fomula imeharibika.

Jiwe hilo linafundisha pia kwamba neno "ndege" lenyewe halikanushwi. Anayekuambia "popo si ndege na anaruka" hajapinga chochote. Shahidi lazima atoke ndani ya kundi linalozungumziwa.

Kauli ikiwa na tabaka kadhaa, naenda kutoka kushoto, neno moja kwa wakati mmoja. Tuchukue hii: "Katika kila boti inayotoka Goma kwenda Bukavu, kila abiria ana jile lake la kuelea." Ndani yake mna "kila boti", "kila abiria", na "kuna jile" lililojificha katika "ana". Weka "si kweli kwamba" mbele, kisha lisukume ndani. Likivuka "kila boti", inakuwa "kuna boti". Likivuka "kila abiria", inakuwa "kuna abiria". Likifika kwenye "kuna jile", linakuwa "hakuna jile". Matokeo: kuna boti inayotoka Goma kwenda Bukavu, na ndani yake kuna abiria asiye na jile lake.

Majibu ninayopata mara nyingi ni "kuna boti isiyo na jile hata moja". Hilo limezidi. Boti ikiwa na abiria 80 na majile 79, kauli ya mwanzo ni uongo tayari, na jibu hilo pia ni uongo, kwa hiyo haziwezi kuwa vinyume. Abiria mmoja aliyekosa ndiye tunayemtafuta. Na asiwe wa boti ya Idjwi, hata kama amekosa jile kweli, kauli haikumzungumzia.

Kuna swali ambalo mwanafunzi mkali huuliza, na sipendi kulikwepa: siku ziwa limechafuka, hakuna boti iliyoondoka, ile kauli ya majile inakuwaje? Inahesabiwa kweli, kwa sababu huwezi kumwonyesha abiria aliyekosa. Kanusho lake, "kuna boti…", ni uongo, maana boti haipo. Bado yanapishana vizuri. Lakini chora banda la nne, tupu, na urudi kwa ndege: humo "ndege wote wanaruka" ni kweli, na "hakuna ndege anayeruka" nayo ni kweli, kwa hiyo hizo mbili hazipishani hata humo.