Barua ya siku saba

Juzi mtoto wa kaka yangu alinitumia picha ya barua ya wakili, na chini yake ameandika: "Shangazi, wanaweza kunifungia duka Ijumaa?" Niliisoma mara mbili. Kisha, kabla sijamjibu chochote, nikajikuta nimevuta karatasi na rula na kuanza kuchora mistari. Mkono ulitangulia. Umezoea hivyo tangu Machi 2014, tangu ile jioni ya dukani kwa mjomba.

Duka lilikuwa la leso, kwenye kichochoro kinachotokea mtaa wa Biashara, Mombasa. Mjomba alilirithi upangaji wake kwa marehemu babu, na wala hapakuwa na karatasi yoyote iliyotiwa saini: kodi ilitolewa, ikapokelewa, miaka ikapita. Jengo likauzwa. Mwenye jengo mpya hatukuwahi kumwona. Tulichokiona ni barua ya wakili wake, kurasa mbili, Kiingereza kizito, imeletwa na kijana wa pikipiki mchana wa Jumanne, tarehe 11.

Nilipofika jioni, mjomba alikuwa tayari ameshusha majora kutoka rafuni. Alitaka yote yahamishiwe kwa shemeji yake Kisauni usiku ule ule, kabla madalali hawajaja. Mkazamjomba alikuwa amekaa juu ya furushi, barua mapajani, haisomi. Aliniambia tu, "Mwanangu, wamesema siku saba."

Aliyetuokoa na ule usiku ni Mzee, jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, karani wa mahakama aliyestaafu. Alipoingia nilimwamkia, akaitikia, akaangalia majora yaliyokuwa sakafuni. "Yarudisheni," akasema. "Mpangaji anayehamisha mali kisirisiri ili mwenye jengo asiipate kwa kodi anajitafutia kesi ya pili. Leteni kauntabuku."

Akanipa kalamu mimi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia nambari pembeni mwa kila sentensi ya barua, hata zile za salamu. Halafu akaniuliza, sentensi baada ya sentensi: hii inasema jambo limetokea, au inasema sheria ni hii, au inaomba kitu, au inatisha? Nikagundua kwamba aya moja tu, ile ya nne, ilikuwa na vyote vinne vimefumwa pamoja, na ndiyo sababu ilikuwa inatisha hivyo. Unasoma "umekodisha sehemu ya duka bila idhini", na kabla hujauliza lini na kwa nani, umeshafika kwenye "litafungwa bila taarifa zaidi".

Tulichora safu tano. Ukurasa huo ninao mpaka leo, na ulikuwa hivi:

| Dai | Msingi waliotaja | Muda | Wanachotishia | Tulicho nacho |
|---|---|---|---|---|
| Kodi ya Desemba, Januari na Februari, jumla 105,000 | kifungu cha 5 cha mkataba | siku 7 tangu tarehe ya barua | kukamata mali, kushtaki | Desemba imelipwa. Mbili bado |
| Riba ya asilimia 2 kwa mwezi | hakuna | siku 7 | kushtaki | hatukuwahi kukubaliana riba |
| Kukodisha sehemu ya duka kwa fundi cherehani wa barazani | kifungu cha 9 cha mkataba | mara moja | kufunga duka | ? |
| Kusumbua wapangaji wengine | hakuna | hakuna | kututoa | lini? nani? |

Mzee alikuwa na sharti moja ambalo nalishika hadi leo: safu ya pili uandike walichokitaja wao, si unachodhani walikusudia. Kama hawakutaja kitu, andika "hakuna" na usiwasaidie. Mimi nilitaka kujaza pale penye riba, maana nilihisi lazima kuna sheria mahali fulani. Akanizuia. "Pengo lao ndilo jibu lako," akasema. Na kweli, hata palipojazwa palikuwa na kasoro: kifungu cha 5 na cha 9 cha mkataba gani? Mjomba hakuwahi kuwekewa mkataba mbele yake, na barua haikuambatisha nakala.

Safu ya tatu ndiyo iliyotukalisha zaidi. Siku saba, sawa, lakini kuanzia lini? Barua ilisema tangu tarehe yake, na tarehe yake ilikuwa 4 Machi. Siku yenyewe ya barua haihesabiwi, kwa hiyo tukaanza tarehe 5, Mzee akigonga meza kwa kidole kila siku aliyoitaja: tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja. Kidole kikasimama. Tarehe 11 ndiyo ilikuwa leo. Barua ilikuwa imetufikia siku ile ile muda wake ulipokuwa unakwisha. Mkazamjomba akainuka, akaenda kulifunga komeo la mlango, kana kwamba wako nje.

Mzee hakushtuka. Akamwambia arudi akae, kisha akamweleza yeye hasa, si mjomba wala mimi. Muda uliowekwa na wakili ni muda wa wakili. Ukipita, anachoweza ni kwenda kushtaki, jambo ambalo angeweza kulifanya hata bila kukuandikia. Duka kama hili, ambalo upangaji wake haumo kwenye maandishi, ni upangaji unaodhibitiwa chini ya Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa. Hata ungekuwa umeandikwa, ukiwa ni wa miaka isiyozidi mitano ungeingia humo humo. Na sheria hiyo inasema upangaji wa namna hii hauvunjwi ila kwa njia yake: notisi kwenye fomu maalumu, inayotaja sababu, inayomtaka mpangaji aseme kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au hakubali, na isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Tangu aipokee, alirudia, si tangu iandikwe. Anayepinga anakwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe hiyo kufika. Asipokwenda, notisi inakamilika na hapo hana pa kusimama.

"Kwa hiyo hii si notisi?" akauliza mkazamjomba.

"Hii ni barua, bibi. Na kukamata mali kwa ajili ya kodi, kwa duka la namna hii, kunahitaji ruhusa ya baraza lile lile."

Nilimwona akivuta pumzi. Mjomba naye akaanza kucheka, akasema basi barua tuitupe. Hapo ndipo Mzee alipokuwa mkali kwa mara ya pekee jioni ile. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kodi ilikuwa ikidaiwa tarehe 5 ya kila mwezi. Desemba tulikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa malipo, uliobaki kwenye simu ya mkazamjomba kwa bahati tu. Lakini Januari haikulipwa tangu tarehe 5, na miezi miwili ilikuwa imetimia wiki iliyotangulia. Sheria ile ile inayomkinga mpangaji inampa mwenye jengo sababu halali ya kuomba kumtoa akishindwa kulipa kwa miezi miwili baada ya kodi kuiva, au akiwa na mazoea ya kuchelewesha. Wakili alikuwa hajaitumia sababu hiyo kwa fomu inayotakiwa, ila angeweza kuitumia wakati wowote. Kwa maneno ya Mzee, mstari huo ndio uliokuwa na meno. Mistari mingine mitatu ilikuwa imepangwa kuuzunguka ili tusiuone.

Na mimi naamini hiyo ndiyo faida kubwa ya kuitenganisha barua namna hii. Ukiisoma nzima, unaogopa yote kwa kiwango kimoja au unayadharau yote kwa kiwango kimoja, na vyote viwili vinaweza kukupotezea duka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kesho yake mjomba aliazima, akaweka 70,000 benki kwenye akaunti iliyotajwa kwenye barua. Jibu tuliloandika lilikuwa la ukurasa mmoja, likifuata nambari za mistari: kodi ya miezi miwili imelipwa, hati hii hapa, Desemba ilikwishalipwa, ushahidi huu hapa, riba inakataliwa kwa kuwa haikukubaliwa, tunaomba nakala ya mkataba unaotajwa, na tarehe na maelezo ya usumbufu unaodaiwa, hatujapokea notisi yoyote chini ya Sura ya 301. Jedwali lenyewe halikwenda. Safu ya tano, Mzee alisema, ni ya macho yetu, kwa sababu ndani yake ndimo udhaifu wetu ulimo. Tukalipeleka jibu kwa mkono, wakatugongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu.

Mkataba haukuletwa kamwe. Mwaka uliofuata ikaja notisi ya kweli, kwa fomu yake, miezi miwili, safari hii sababu ikiwa kulijenga jengo upya. Ile haikuwa na mapengo ya kuandikia "hakuna". Mjomba alikwenda kwenye baraza la kodi, wakazungumza na mwenye jengo, wakapatana, akaondoka baada ya muda akiwa na fidia kidogo. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba jedwali liliokoa duka. Lilitupa mwaka, na lilimwondoa mkazamjomba juu ya furushi.

Ninaloendelea kulifikiria ni ile alama ya kuuliza kwenye mstari wa tatu. Mzee alimuuliza mjomba waziwazi: fundi anakulipa? Mjomba akasema ni jirani tu. Mkazamjomba akasema huwa anatoa kitu cha umeme. Kila mwezi? Karibu kila mwezi. Je, hiyo ni kodi? Mzee alisema inategemea kama fundi alikuwa na sehemu yake mwenyewe ya kuitawala, au alikuwa ameruhusiwa tu kukaa barazani, na kwamba pesa peke yake haimalizi swali. Katika jibu letu tuliandika tu kwamba dai hilo halikubaliwi na tukaomba maelezo zaidi. Fundi mwenyewe hatukumuita. Aliposikia habari za barua, alibeba cherehani yake akaondoka bila kuambiwa na mtu, na pale barazani hakurudi tena. Mjomba husema ndivyo ilivyokuwa bora, maana mstari ukafutika. Mkazamjomba hakubali mpaka leo, na wakianza mjadala huo mimi huwa sina la kuwaambia.