Faida wanayo, keshi hawana

Kuna kipindi ilitangazwa nafasi ya meneja wa stoo kwenye kampuni moja iliyopo soko la hisa, mshahara mzuri tu, na kwenye tangazo wakajisifia mauzo yao yamepanda asilimia 20. Kabla sijatuma sivii nikasema ngoja kwanza nipakue ripoti yao ya mwaka, si ipo hadharani.

Ukurasa wa faida na hasara ulikuwa mtamu kweli, mauzo milioni 600 kutoka 500, faida 40. Ila mimi hapo huwa sikai, naenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ule mstari wa fedha kutokana na shughuli za biashara, nikakuta hasi 15. Sasa faida 40 imeenda wapi? Ukirudishia uchakavu wa mitambo, ambao ulikuwa 15 na ni makato ya kwenye karatasi tu, hela haitoki, ilibidi iingie kama 55. Kumbe wadaiwa wamepanda kutoka 80 mpaka 150, hizo 70 ndo zimemeza kila kitu, yaani mzigo umeuzwa, mauzo yameandikwa, wateja hawajalipa. Nikachukua wadaiwa nikagawa kwa mauzo nikazidisha mara 365, nipate kama siku ngapi wateja wanakaa na hela kabla ya kulipa: mwaka wa nyuma siku 58, mwaka huu 91.

Hapo bado sikuwahukumu, maana yawezekana mteja mkubwa kabeba mzigo mwezi wa mwisho wa mwaka na atalipa vizuri tu. Nikashuka kwenye maelezo ya nyuma kabisa (watu wengi hawafiki huko) wanapoonyesha madeni yamekaa muda gani, nikakuta zaidi ya nusu yamepitiliza tarehe ya kulipwa kwa siku 90 na kuendelea. Hao sio wateja wa mwezi wa mwisho.

Halafu mikopo ya kulipwa ndani ya miezi 12 ilikuwa 90, na hela yao iliyopo benki ni 30 tu. Mkaguzi kawapa hati safi, ila kaweka na sehemu inayosema kuna mashaka makubwa kama kampuni itaweza kuendelea na biashara. Hati safi maana yake mahesabu yameandikwa sawasawa, haimaanishi kampuni ni nzima, na hapo wengi tunachanganya.

Nikampigia jamaa mmoja anayewauzia maboksi, akacheka: "Kaka, zamani siku 30 hela ishaingia, siku hizi mpaka nikakae mapokezi kwao ndo wanipunguzie."

Sivii sikutuma. Kama ripoti ingesema benki imeshasaini kuwaongezea muda wa mkopo ningejaribu, ila waliandika tu "mazungumzo yanaendelea", na mimi kodi ya nyumba siwezi kulipa kwa mazungumzo.