Ninavyofupisha hati ya kiapo bila kuyageuza madai kuwa habari yangu

Hati za kiapo ninazofupisha hutoka zaidi mahakama za Milimani jijini Nairobi, na karibu kila aya husema kwa uhakika mtupu. Tuseme mkazi anaiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikizuie kiwanda kilicho kando ya Mto Ngong. Aya moja inasema: "Kiwanda humwaga maji yenye kemikali mtoni usiku, na watoto wa mtaa wameugua."

Kabla ya kuandika lolote, nasoma hati nzima nikiweka alama pambizoni: "kaona", "kaambiwa" au "anaamini". Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, Agizo la 19, zinanirahisishia kazi. Muapaji hutakiwa kueleza anayoyajua mwenyewe. Katika maombi ya muda, yaani yanayosikizwa kabla ya kesi yenyewe kuamuliwa, anaweza pia kueleza aliyoambiwa na anayoyaamini, mradi ataje chanzo na sababu. Nikifuatilia hati hiyo, naona kwamba bomba na maji meusi aliviona mwenyewe, habari ya usiku aliipata kwa mlinzi, na ugonjwa wa watoto anauhusisha na maji kwa imani yake. Basi naandika:

"Mlalamishi anasema aliona maji meusi yakitoka kwenye bomba la kiwanda. Anasema mlinzi ndiye aliyemweleza kuwa humwagwa usiku, na anaamini kwamba ndiyo yaliyowadhuru watoto."

Viambatisho navisoma peke yake. Ripoti ya maabara ikionyesha madini ya risasi katika sampuli, hilo ni la maabara. Kwamba risasi hiyo ilitoka kiwandani ni hoja ya mlalamishi, na nayo naipa sentensi yake.

Kosa kubwa halitokei mwanzoni, kwa sababu pale kila mtu hukumbuka kuandika "anasema". Hutokea aya ya tatu, mwandishi anapoandika "uchafuzi huo" au "kiwanda kilichochafua mto". Hapo dai limeingia ndani ya jina la kitu na limekuwa kweli bila mtu kulitetea. Naandika "maji anayoyalalamikia". Vitenzi kama "alifichua" na "alibainisha" navikataa pia, maana humwambia msomaji kwamba jambo lipo. "Eti" ni mbaya vilevile: humfanya mlalamishi aonekane mwongo. "Anasema" inatosha mara nyingi. "Anadai" naiweka kwenye shutuma zenyewe.

Kwa ukaguzi, nasoma kila sentensi kama iliyokatwa na kutumwa peke yake kwenye WhatsApp. Ikiwa msemaji haonekani, naiandika upya. Kichwa hupita mtihani huohuo: si "Kiwanda chachafua mto" bali "Mkazi adai kiwanda chachafua mto". Yaliyo wazi kwenye faili, kama tarehe ya kuwasilishwa na maagizo yanayoombwa, nayaandika moja kwa moja, la sivyo muhtasari wote hutiliwa shaka bure. Na kama kiwanda hakijawasilisha majibu, nasema hivyo, nikitaja siku niliyoikagua faili.